Rafiki anayechelewa kila mara: namna ya kumwambia bila kugombana

Siku mbaya kuliko zote ya kumwambia rafiki kwamba kuchelewa kwake kunakukera ni siku ileile aliyochelewa. Umesimama juani, umeshapiga simu mara tatu, umeambiwa "nipo njiani" huku televisheni ya sebuleni kwake ikisikika waziwazi. Anaposhuka kwenye bodaboda anacheka na kukunyooshea mkono, na hapo una njia mbili tu: umfokee, au useme "usijali". Wengi tunasema usijali. Halafu tunanuna kimoyomoyo wiki nzima, na wiki inayofuata mambo yanajirudia.

Nitafuata mfano mmoja hadi mwisho, kwa sababu ushauri wa jumla kwenye jambo hili hausaidii kitu. Tuwaite Mama Zawadi na Mama Eliya. Waliwahi kupanga nyumba moja Chang'ombe, Dodoma. Sasa Mama Zawadi amehamia Kisasa na mwenzake yuko Nkuhungu. Kila Jumamosi wanakwenda pamoja mnada wa Msalato, kando ya barabara ya Arusha, kununua kuku wa kienyeji wa kuwauzia majirani na wafanyakazi wenzao. Wanachangia kirikuu. Miadi ni saa 1:30 asubuhi pale Sabasaba. Mama Zawadi anafika saa 1:25. Mama Eliya anafika saa 2:00, saa 2:20, na Jumamosi moja alifika saa 2:40.

Kwanza jua hasa unaumia wapi

Ukimwuliza Mama Zawadi kinachomkera, atajibu "anachelewa sana." Hilo bado si jibu la kwenda nalo kwa rafiki, kwa sababu mtu akiambiwa "unachelewa sana" anachoweza kufanya ni kukubali kwa aibu au kubisha. Inabidi ashuke chini zaidi. Kuchelewa kule kunamfanyia nini yeye?

Akikaa na kuwaza vizuri anagundua mambo mawili. La kwanza ni kuku wenyewe. Wanaonunua kwa ajili ya hoteli na mabucha ya mjini wanawahi, na kufikia saa 3 wanaobaki kwenye matenga ni wale wembamba. La pili, na hili ndilo linalomchoma, ni dereva. Yeye ndiye aliyempigia, kwa hiyo yeye ndiye anayesimama kando ya gari akimwomba radhi mwanaume aliyenuna, na mwishoni anaongeza elfu tano ya kusubirishwa huku watu wa stendi wakitazama. Mama Eliya hajawahi kuiona sehemu hiyo, kwa kuwa akifika mabishano yameshakwisha. Hivi ndivyo ilivyo kwa wachelewaji wengi. Hawajui gharama ya kuchelewa kwao kwa sababu hulipwa kabla hawajafika.

Hatua hii inakusaidia pia kuchuja. Si kila miadi inastahili mazungumzo. Kwenye kikao cha harusi hakuna anayetarajia mtu kufika saa iliyoandikwa, na ukimkalia rafiki kikao kwa sababu ya kikao, utaonekana wewe ndiye mwenye shida. Mkienda kunywa soda jioni, nusu saa haiui. Chagua miadi moja ambayo kuchelewa kwake kunakugharimu kitu unachoweza kukitaja kwa jina, na uongee kuhusu hiyo tu. Akibadilika kwenye hiyo, nyingine mara nyingi hufuata zenyewe; zisipofuata, utakuwa umeokoa ile iliyokuwa inakuumiza.

Halafu jitazame na wewe. Je, saa ilitajwa? "Asubuhi mapema", "mchana mchana", "nikitoka kanisani" si saa. Na siku hizi kuna wanaoandika 8:00 kwenye simu wakiwa na maana ya saa 2 asubuhi, na anayepokea akasoma saa 8 mchana. Ukiona miadi yenu ilikuwa ya namna hiyo, tatizo lako ni jepesi kuliko ulivyodhani: taja saa kwa maneno, taja na mahali pa kusimama, kisha ngoja wiki mbili tatu uone. Jambo jingine la kujiuliza ni umemwambia "hakuna shida" mara ngapi. Kama umelisema kila alipochelewa, basi kwa upande wake shida haikuwahi kuwepo, na ukimjia leo na hasira ya mwaka mzima atashangaa kwa haki kabisa.

Usimhukumu nia kabla hujaijua

Sentensi inayowasha moto haraka kuliko zote ni "wewe hunijali." Inasemwa kwa sababu anayesubiri huwa na muda mrefu wa kufikiri, na muda huo anautumia kumtungia mwenzake nia. Mara nyingi nia haipo. Binadamu tuna kasoro inayojulikana ya kukadiria muda wa jambo kwa kuliwaza likienda bila kikwazo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliielezea mwaka 1979, na walieleza pia kwamba tunaendelea na makosa yaleyale hata kama tumeshawahi kuchelewa kwenye kazi ya aina ileile. Mama Eliya akiulizwa kutoka Nkuhungu hadi Sabasaba ni muda gani, anasema "dakika ishirini." Ni kweli, gari likishaondoka na njia ikiwa wazi. Hahesabu kutembea hadi kituoni, hahesabu daladala kusubiri ijaze, wala mtoto aliyesahau kiatu kimoja.

Upo pia upande ambao si wa hesabu. Huenda mume anatoka kazini usiku na hawezi kuachiwa watoto mapema. Huenda Jumamosi mbili kati ya hizo hakuwa na nauli na alikuwa anasubiri mtu amtumie. Rafiki hataki kukwambia hilo stendi. Ndiyo maana mazungumzo lazima yawe na nafasi ya yeye kusema kitu ambacho hukukijua, na lazima uwe tayari kukisikia.

Mahali na saa ya kusema

Usiseme kwa ujumbe wa simu. Maandishi hayana uso, na ujumbe wa sauti wa dakika nne ni mbaya zaidi, kwa sababu atausikiliza mara tatu na mara moja kati ya hizo atamsikilizisha dada yake. Usirushe dongo kwenye status. Ukiweka "wengine muda wa wenzao wanauona takataka", atajua ni yeye, watajua na wengine kumi ambao wala hukuwalenga, na hapo utakuwa umeanzisha ugomvi hadharani kabla ya kusema hata neno moja ana kwa ana. Usimtume mtu. Mtu wa tatu anafaa pale watu wawili wameshindwa kusikilizana. Ukimleta mwanzoni, rafiki yako atasikia kwamba umeshamshtaki.

Utani ni mtego wa kipekee. Katikati ya nchi hapa tunataniana sana, na mtu anaweza kumwambia mwenzake neno zito akiwa anacheka na lisiwe neno. Kwa sababu hiyohiyo halifai kwa kazi hii. Mama Zawadi amewahi kusema "karibu bibi harusi" Mama Eliya aliposhuka saa 2:20. Walicheka wote, dereva naye akacheka, na Jumamosi iliyofuata ikawa saa 2:40. Utani unampa rafiki ruhusa ya kutolichukua kwa uzito, na hawezi kulaumiwa kwa kuitumia ruhusa uliyompa mwenyewe.

Siku nzuri ni katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, hasira ya Jumamosi iliyopita ikiwa imepoa na Jumamosi ijayo ikiwa bado mbali kiasi cha kuweza kupangwa upya. Nenda kwake kama unavyokwenda siku zote. Salimia, uliza watoto, kunywa chai. Usilitoe jambo sebuleni: watoto wanapita, mume anaweza kuwa chumba cha pili, na mkikaa mnatazamana uso kwa uso maneno yanakuwa kama kesi.

Saa yenyewe inakuja ukiaga. Atakusindikiza. Na kusindikizana, kwa maoni yangu, ndicho kikao bora kuliko vyote kwa jambo la aina hii. Mnatembea bega kwa bega, hakuna anayelazimika kumkazia mwenzake macho, hakuna mtoto wala mume, na safari ina mwisho wake unaojulikana: ukifika kwenye kijiwe cha bodaboda mazungumzo yanaisha bila mtu kuyakatisha. Sharti ni moja. Anza mkiwa mmetoka tu getini. Wengi husubiri hadi bodaboda imeshawashwa, wanatupa neno, wanapanda, wanaondoka. Huko ni kumwachia mtu kidonda. Mpe angalau nusu ya njia ajibu. Ukiona njia ni fupi, sema "twende hadi barabara ya lami, nitapandia kule."

Maneno yenyewe

Haya ndiyo Mama Zawadi alitaka kusema, jinsi yalivyomjia kichwani akiwa amesimama Sabasaba:

"Mama Eliya, wewe kila siku unachelewa. Unaniona mimi sina kazi? Hata kama ningekuwa mdogo wako usingenifanyia hivi."

Kila sentensi hapo ina mlango wa kubishana. "Kila siku" si kweli, na yeye ataikumbuka ile Jumamosi moja aliyowahi. "Unaniona sina kazi" ni nia aliyotungiwa, na atajitetea dhidi ya nia badala ya kuongelea saa. La tatu linaingiza udogo na ukubwa, jambo ambalo halikuwepo kabisa, na sasa lipo.

Haya ndiyo yanayofaa, wakiwa wameshapita nyumba mbili tatu kutoka getini:

"Mama Eliya, nina jambo la Jumamosi nataka tuliongee, mimi na wewe tu."

"Kuna nini tena?"

"Jumamosi iliyopita tulikubaliana saa 1:30, tukaondoka Sabasaba saa 2:40. Dereva alinisema mbele za watu, nikamwongeza elfu tano ndipo akanyamaza. Tulipofika Msalato nikakosa kuku wa wateja wangu wawili, ikabidi niwarudishie hela. Iliniuma. Halafu ulipofika nikakwambia usijali, na haikuwa kweli, ndiyo maana nimeona nikwambie leo. Naomba Jumamosi hii tuwe tumeshapanda gari saa 1:30. Kama unaona kuna kinachokukwamisha asubuhi, niambie tupange vingine."

Kisha anyamaze. Hili la kunyamaza ndilo gumu. Kimya cha hatua kumi barabarani kinatisha, na mtu hukimbilia kukijaza kwa "lakini si kitu kikubwa, wala usiwaze," na hapo amefuta yote aliyoyasema. Mwache atembee nalo.

Angalia yalivyopangwa. Sentensi ya kwanza inamjulisha kwamba kuna jambo, asivamiwe. Baada yake kuna tukio moja lenye saa zake, 1:30 na 2:40, ambazo hakuna anayeweza kuzibishia. Yanafuata madhara aliyoyaona Mama Zawadi kwa macho yake, ambayo mwenzake hakuwepo kuyaona. Neno la hisia ni moja tu, "iliniuma". Yakiwa matano yanakuwa maombolezo. Kisha anataja "usijali" yake mwenyewe, na hilo linampunguzia mwenzake aibu bila kulipunguza jambo. Mwishoni kuna ombi linalopimika. "Jitahidi kuwahi" halipimiki, na Jumamosi jioni kila mtu atakuwa na jibu lake kama alijitahidi au la.

Usilifunge jambo kwa methali. "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako" inakuja mdomoni yenyewe, lakini mbele ya mtu mzima mwenzako inageuka mahubiri, na anayehubiriwa huanza kutafuta dhambi za mhubiri.

Usilainishe mno pia. Nimesikia watu wakizunguka: "sijui kama nitakuwa nakukosea, na wala sina maana mbaya, na najua una mambo mengi, na hata mimi si malaika..." Mpaka wanafika kwenye jambo, msikilizaji ameshapata hofu kwamba kuna msiba. Adabu iko kwenye sauti na mahali ulipochagua. Sentensi zenyewe ziwe fupi.

Atakavyojibu

Akisema "pole jamani, sikujua" mapema tu, usiliache hapo ukashukuru na kupanda boda. Samahani ya haraka mara nyingi ni njia ya kulimaliza jambo linalomchoma, na Jumamosi inarudi kama ilivyokuwa. Sema "asante, basi tupange," na mpange palepale.

Akitoa sababu, usiipime kama ni ya kweli au ya uongo. Mama Eliya anasema mdogo wake anayemwachia watoto anafika saa 1 asubuhi, hatoki kabla ya hapo. Hili ni jambo la maana, na Mama Zawadi hakulijua. Sasa swali linabadilika kutoka "kwa nini unachelewa" hadi "saa 1:30 inawezekana kweli?" Hapo ndipo wahesabu pamoja kwa kurudi nyuma, kuanzia saa ya kuondoka. Sabasaba saa 1:30. Daladala kutoka Nkuhungu, pamoja na kujaza na kushusha njiani, inachukua dakika 40 Jumamosi asubuhi. Kutembea hadi kituoni dakika 10. Kwa hiyo mlangoni anatakiwa atoke saa 12:40. Mdogo wake anafika saa 1. Haiwezekani, na haijawahi kuwezekana. Walikuwa wanapanga miadi ambayo mmoja wao hana namna ya kuifikia, na kila wiki mmoja anaomba radhi na mwingine ananuna.

Muhimu kwenye hesabu hii ni kutumia alichofanya kweli, si anachodhani. Uliza "Jumamosi ile ulitoka nyumbani saa ngapi, ukafika saa ngapi?" Hilo ndilo linalotibu ile kasoro ya kukadiria njia ikiwa wazi.

Jibu linaloogofya wengi ni la kurudisha mashambulizi: "Na wewe je? Mwezi wa tatu si uliniacha msibani nikarudi peke yangu?" Hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Usijitetee, hata kama una utetezi mzuri, na usiseme "hilo siyo tunaloongea." Kwake ndilo. Sema "Hilo sikujua kama lilikuuma. Nataka nilisikie lote. Tumalize hili la Jumamosi kwanza, halafu unieleze, au nikupigie kesho usiku." Na kesho usiku umpigie kweli. Usipompigia, ataona ulimnyamazisha tu.

Akinyamaza hadi kwenye kijiwe, usimlazimishe. "Huna haja ya kunijibu sasa. Nitakupigia Ijumaa kuhusu dereva," kisha uage kama kawaida. Wapo wanaohitaji kulala na jambo, na kimya hicho mara nyingi ni aibu kuliko hasira. Utajua ni hasira kama hata salamu za kawaida zimekatika siku mbili tatu baadaye, hapo unarudi, safari hii ukiuliza tu: "Niliyoyasema juzi yamekukaaje?"

Makubaliano yawe ya kitu, si ya tabia

Kwenye vikoba mtu akichelewa anatoa faini, na ni nadra kuona wanachama wakigombana kwa ajili hiyo. Si kwamba wale ni wavumilivu kuliko wengine. Kanuni ilikubaliwa siku ambayo hakuna aliyekuwa amechelewa, na mwenye kudai faini hamdai kwa hasira yake. Marafiki hawahitaji faini, lakini wanahitaji kitu kama hicho: kinachotokea saa ikifika na mtu hayupo, kilichokubaliwa mapema.

Mama Zawadi na mwenzake wanaweza kuamua hivi. Miadi inasogezwa hadi saa 2:00, kwa kuwa saa 1:30 imeonekana haiwezekani. Saa 2:10 kirikuu linaondoka, nani yupo nani hayupo. Asiyekuwepo anatuma hela ya kuku wake kwa simu, mwenzake anamchagulia. Au anapanda daladala ya Msalato na kumkuta huko. Nauli ya gari inagawanywa vilevile, aliyepanda na asiyepanda. Kuku wa kuwahi wanapotea kidogo kwa kusogeza saa, hilo ni kweli, na Mama Zawadi lazima aamue kama anakubali. Akiona hakubali, awe mkweli: Jumamosi anakwenda peke yake saa 1:30, na yeye na Mama Eliya wanaonana siku nyingine. Hilo si ugomvi. Kuna urafiki mzuri kabisa ambao hauwezi safari ya asubuhi.

Wengine hutumia ujanja wa kumtajia mchelewaji saa ya uongo: miadi ni saa 2, anaambiwa saa 1. Kwenye kadi za harusi sote tunafanyiana hivyo na tunajua. Baina ya watu wawili haidumu. Siku atakayowahi kwa bahati atakaa juani saa nzima akikusubiri wewe, atajua ulikuwa unamdanganya, na kuanzia hapo saa yoyote utakayomtajia ataiongezea ya kwake.

Jumamosi inayofuata

Mambo yote haya yanapimwa saa 2:10. Akiwa hayupo, gari liondoke. Ukisubiri hadi 2:30 "kwa leo tu", utakuwa umemfundisha kwamba maneno ya barabarani yalikuwa maneno. Usimpigie simu za kumhimiza pia. Kumwamsha na kumsukuma si kazi yako, na ndizo simu zinazozaa "nipo njiani". Tuma ujumbe mmoja mfupi gari likishaondoka: "Tumetangulia. Tuma hela nikuchagulie, au tukutane Msalato, ukishuka nipigie." Bila nukta nyingi za kununa, bila "kama tulivyokubaliana". Ukimwona mnadani, mpokee vizuri. Kanuni imeshafanya kazi yake. Wewe huna deni la kudai tena.

Na akiwahi? Hapa watu wengi huharibu. "Leo mvua itanyesha Dodoma mwezi wa nane!" Ni utani mtamu, na dereva atacheka, lakini umemkumbusha mbele ya watu kwamba mlimjadili. Msalimie kama mtu ambaye siku zote anafika saa hiyo. Njiani unaweza kumwambia, mkiwa wawili, "leo tutawapata wale wazuri." Inatosha.

Usisimulie mazungumzo yenu kwa mtu wa tatu, hata kama yalikwenda vizuri. Likimrudia kwamba "Mama Zawadi alimkalisha chini", ataona aibu upya, na safari hii aibu itageuka chuki.

Akichelewa tena mara moja baada ya wiki kadhaa nzuri, ni binadamu. Gari liondoke, maisha yaendelee. Ikirudi kuwa kila wiki, rudia mazungumzo mara moja, mafupi zaidi: "Tulisema saa 2:10, naona haishikiki. Tubadilishe au niende peke yangu?" Safari ya tatu usiongee tena. Badilisha mpango wako na umjulishe, halafu endeleeni kutembeleana kwa mambo ambayo saa si tatizo.

Rafiki akiwa amekuzidi umri

Hapo maneno yanageuka kidogo. Kwa dada mkubwa au kaka aliyekuzidi miaka mingi hutasema "ulifika saa 2:40." Unaanzia upande wako na kuomba msaada: "Shikamoo dada. Naomba unisaidie jambo. Dereva ananisumbua sana Jumamosi tukipita saa 1:30, na mimi nashindwa kumjibu. Wewe unaonaje, tusogeze saa au nitangulie nikusubirie kulekule?" Saa amezisikia, gharama ameisikia, na uamuzi umemwachia mkononi. Wengi wa rika hilo, wakiulizwa hivyo, huchagua wenyewe kuwahi, au hukwambia utangulie, na yote mawili yanakufaa.

Kwa wanaume wenzangu, msiyaseme kijiweni. Mbele ya watano mtu hawezi kukubali kosa hata akitaka, atageuza kicheko. Mwite pembeni, au yaseme mkiwa wawili ndani ya gari mnarudi, kwa sentensi tatu, kisha muongelee mpira.